Je, wajua? "Sultan" katika "Said bin Sultan" si cheo

Swali: "Mwanangu kaandika 'Sultan Said' katika kazi ya historia, mwalimu kamsahihisha akaweka 'Seyyid Said bin Sultan'. Kwani Seyyid na Sultani si kitu kimoja? Na Mwinyi Mkuu wa Dunga na masheha wa leo, nao tuwaandikeje?"

Mwalimu yuko sahihi. Hilo "Sultan" lililo baada ya "bin" ni jina la mtu. Seyyid Said alikuwa mtawala wa Oman na Unguja, na baba yake aliitwa Sultan, yaani Sultan bin Ahmad, aliyetawala Maskati mpaka alipouawa 1804. Kwa hivyo "Said bin Sultan" maana yake ni Said mtoto wa bwana mmoja aitwaye Sultan, kama vile tusemavyo Juma bin Hamisi. Hata baba huyo angekuwa mvuvi, jina lingeandikwa vivyo hivyo.

Kosa la pili linafichwa na masikio yetu. "Said" na "Seyyid" ni maneno mawili mbalimbali ya Kiarabu. Said (سعيد) ni jina, lina herufi ya ayn ndani yake, na maana yake ni mwenye bahati njema. Seyyid (سيد) ni cheo, halina ayn, na maana yake ni bwana. Mdomoni mwa Mswahili ayn inapotea na maneno yanakaribiana, ndipo mtu anapoandika "Said Barghash" akidhani ameandika cheo. Alichoandika ni majina mawili ya watu, tena ameyapindua, maana Said ndiye baba na Barghash ndiye mwana. Andika "Seyyid Barghash bin Said". Cheo kinatangulia, jina lake linafuata, kisha "bin", kisha baba. Ukilishika hilo, makosa mengi yanakwisha yenyewe: kilicho mbele ya jina bila ya "bin" ni cheo, na kinachofuata "bin" ni jina la mtu.

Kwa nini basi watawala wetu waitwe Seyyid? Mwanzilishi wa nasaba ya Al Busaid, Ahmad bin Said, alichaguliwa Imamu huko Oman katikati ya karne ya 18. Kwa Maibadhi, Waislamu wa madhehebu ya watawala hao, uimamu haurithiwi kama shamba. Hutolewa na wanazuoni kwa mtu waliyemridhia. Mwanawe Said bin Ahmad alikuwa nao, lakini waliotawala baada yake katika nasaba iliyofika Unguja hawakuuchukua. Wakajiita Seyyid, cheo cha kuwaonesha kuwa ni wa nyumba ya utawala. Wazungu wengi walichelewa kulifahamu hilo, na katika maandishi yao ya zamani utamkuta Seyyid Said anaitwa "Imamu wa Maskati". Usinakili. Seyyid Said alipofariki 1856, Majid akashika Unguja na ndugu yake Thuwaini akashika Oman, na mgawanyo huo ukathibitishwa 1861. Tangu hapo "Sultani wa Zanzibar" likawa ndilo jina la kiti chenyewe. Ndiyo maana unaweza kuandika kwa usahihi kabisa "Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar": Seyyid ni heshima inayoambatana na mtu, Sultani ni kiti alichokalia. Hata mwana wa mfalme asiyewahi kutawala ni Seyyid, na binti ni Seyyida au Bibi, kama Seyyida Salme bint Said. Kwa mwanamke ni "bint", wala si "bin".

Hapa ipo tahadhari moja. Watu wa ukoo wa Mtume pia huitwa Sayyid, na kwetu zaidi huitwa sharifu. Al Busaid hawadai nasaba hiyo kwa cheo chao. Ukimtaja mwanachuoni Sayyid Ahmad bin Sumait na Seyyid Ali bin Hamud katika ukurasa mmoja, mweleze msomaji mapema kuwa wa kwanza ni sharifu na wa pili ni mtawala.

Panapoharibika zaidi ni kuacha jina la baba. Tumekuwa na Seyyid Khalifa wawili: Khalifa bin Said aliyetawala 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub aliyetawala 1911 hadi 1960. Tumekuwa na Seyyid Ali wawili, Ali bin Said na Ali bin Hamud. Tena Hamad bin Thuwaini na Hamud bin Muhammed wamekaribiana mno: wa kwanza alifariki Agosti 1896 na wa pili akakalishwa kitini siku chache tu baadaye, baada ya Khalid bin Barghash kuondolewa kwa mizinga ya Waingereza. Herufi moja ikikosewa, mtawala mwengine anaingia katika habari. Wengine hutafuta njia ya mkato wakaandika "Khalifa wa Pili". Hiyo ni desturi ya wafalme wa Ulaya. Kwetu anayetenganisha ni baba.

Mwinyi Mkuu ni habari nyengine. Huyu alikuwa mtawala wa wenyeji wa Unguja, na alama za utawala wake zilikuwa ngoma na siwa, yaani baragumu kubwa la enzi. "Mwinyi" ni bwana, mwenye mahali. Andika maneno mawili, "Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad", huyo aliyejenga jumba la Dunga na kufariki 1865. Mwanawe Ahmad alifariki 1873, na cheo kikakoma. Usiandike "Sultani wa Dunga", wala "Mfalme Mwinyi Mkuu", maana huko ni kuweka vyeo viwili juu ya kichwa kimoja. Wala usimpe cheo kila Mwinyi unayemkuta. Siku hizi ni jina la kawaida la mtu na la ukoo. Na "chifu" liache bara. Pemba walikuwa na madiwani, yaani watawala wa wenyeji, si madiwani wa halmashauri za leo, na Unguja chini ya Mwinyi Mkuu walikuwapo masheha.

Barua nazo zilikuwa na kanuni yake. Tuseme mfanyabiashara anamwandikia Seyyid Barghash, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Anaanza na "Ila janabi", yaani kwa mheshimiwa, kisha sifa mbili tatu, kisha "Seyyid Barghash bin Said", kisha dua, "salamahu Allahu taala", yaani Mwenyezi Mungu amsalimishe. Ndipo "wa baada", yaani na baada ya hayo, na shauri lenyewe. Mwisho anaweka "wasalamu" na jina lake, halina hata "Bwana" mbele yake. Adabu yenyewe iko hapo: sifa zote anapewa anayeandikiwa, na mwandishi hajisifu. Dua ya uhai huandikwa kwa aliye hai tu. Kwa Seyyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho, aliyefariki Desemba 2024, sasa tunatanguliza "marehemu".

Sheha wa leo ni kiongozi wa serikali katika shehia, yaani mtaa au kijiji, si mrithi wa enzi. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na anaweza kuwa mwanamke. Barua yake inakwenda kwa ofisi, kwa hivyo jina la mtu halihitajiki. Juu unaandika "Sheha," mstari wa chini "Shehia ya Pujini," kisha "Wilaya ya Chake Chake, Pemba." Ukianza barua, "Ndugu Sheha" inatosha. Angalia tu usiandike "Sheikh wa Shehia". Sheikh ni mtu wa elimu ya dini, na barua ikiandikwa hivyo inaweza kuishia msikitini.