Ufafanuzi: akaunti inayopokea advansi kwa jina letu si yetu

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne mchana, mama mmoja aliingia dukani kwetu Keko akiwa na begi la safari begani. Alikuwa ametoka Dodoma kwa treni ya asubuhi. Alisalimia vizuri, akaketi, akauliza kochi lake limefikia wapi, kwa sababu siku ya kukabidhiwa ilikuwa imepita na simu yake haipokelewi tena. Mimi ndiye ninayeshika oda zote za mtandaoni hapa dukani. Nilifungua daftari nikatafuta jina lake mara mbili. Halikuwemo.

“Mwanangu, mbona picha ni hizi hizi zenu?” akaniuliza, akinionyesha simu. Kweli picha zilikuwa zetu. Ukuta wa karakana yetu ulionekana, na fundi wetu alionekana akigonga misumari. Lakini akaunti haikuwa yetu.

Alikuwa ametuma 475,000 kama nusu ya bei, kisha siku tatu baadaye 60,000 ya usafiri. Jumla ni 535,000. Baada yake wamejitokeza wateja wengine wanne, ndiyo maana naandika kwa urefu. Tangazo la mistari miwili la “jihadharini na matapeli” tulishaliweka, na halikumsaidia mtu kujua atazame wapi.

Kwanza niseme walivyompata, maana hapo ndipo wengi mnapokosea kudhani. Mama huyu hakutafuta akaunti feki, na wala hakukosea kuandika jina letu. Alikuwa kwenye ukurasa wetu halisi wa Instagram. Aliona kochi la L tulilolipiga picha, akaandika kwenye komenti: “Bei gani, na mnatuma Dodoma?” Haikupita nusu saa akapata ujumbe inboksi: “Habari mpendwa, umeuliza kuhusu kochi la L. Karibu tukuhudumie.” Picha ya wasifu ilikuwa nembo yetu. Jina lilikuwa letu, isipokuwa herufi l moja ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa tarakimu 1, na mwishoni kuna mstari mdogo wa chini. Kwenye kioo cha simu, kwa maandishi madogo yale, hata mimi ninayeliandika jina hilo kila siku ilibidi nilikuze ndipo nikaona.

Kwa hiyo tapeli anakaa kwenye komenti za duka la kweli na kusubiri. Kila anayeuliza bei amejitaja mwenyewe kuwa ana hela na anataka kununua. Yeye anachofanya ni kuwahi kumjibu kabla ya sisi. Siku ile mimi nilimjibu mama yule jioni, chini ya komenti yake, na jibu langu hakuliona kwa kuwa tayari alikuwa anazungumza na “duka”.

Mtauliza mbona hatukujua mapema. Tapeli alikuwa ametubloku. Alibloku ukurasa wa duka, akabloku simu yangu, na pia akaunti ya binti anayetusaidia kupiga picha. Nilipotafuta lile jina kwenye simu yangu halikutokea kabisa, ila kwenye simu ya mama lilikuwepo, na wafuasi zaidi ya 14,000. Ukiwa na duka mtandaoni, weka hili akilini: ukitafuta jina lako kwa simu yako usione kitu, bado hujapata uhakika. Azima simu ya jirani ambaye hana uhusiano wowote na duka, utafute kwa hiyo.

Wale wafuasi 14,000 nao wamewapoteza watu wengi. Kwenye ukurasa ule nilibonyeza nukta tatu za juu, nikafungua `About this account`. Ilionyesha akaunti ni ya miaka kadhaa nyuma, na jina lake limewahi kubadilishwa zaidi ya mara moja. Hiyo ni dalili ya akaunti ya mtu mwingine iliyonunuliwa au kuibwa, ikavalishwa nembo yetu pamoja na wafuasi wake wa zamani. Kwa hiyo umri wa akaunti peke yake hauthibitishi kitu. Kinachotia shaka ni duka la miaka yote kubadili jina tena na tena. Na si kila akaunti huonyesha taarifa hizo, hivyo ukizikosa usihesabu kwamba umeridhika.

Njia ninayoiamini zaidi ni rahisi, nayo haidai macho makali. Rudi kwenye ile komenti uliyoandika mwenyewe. Ukiwa pale pale, bonyeza jina la ukurasa ulioposti picha, kisha ufungue ujumbe kutokea hapo. Kama uliyekuwa unazungumza naye ni sisi, mazungumzo yenu yatafunguka yakiwa na kila mlichoandikiana. Kama pakifunguka pakavu, hakuna neno hata moja, basi ujue aliyekuwa anakuandikia ni mtu mwingine. Nilifanya hivyo na mama yule tukiwa tumeketi kwenye benchi la karakana. Palifunguka patupu. Alinyamaza muda mrefu.

Sasa nije kwenye pesa, maana hata ukipitiwa na hayo yote bado umebakiwa na mlango mmoja kabla hela haijatoka.

Advansi yetu hulipwa kwa lipa namba tu, na lipa namba hiyo imesajiliwa kwa jina la duka. Ukishaingiza namba na kiasi, simu hukuonyesha jina la anayelipwa kabla hujaweka namba ya siri. Soma jina hilo pole pole. Nembo inaweza kuibwa, picha zinaweza kuibwa, hata sauti ya fundi kwenye video inaweza kuibwa. Lakini jina linalotokea pale linatoka kwenye usajili wa mtandao wa simu, na tapeli hawezi kulibadilisha akiwa amekaa chumbani kwake. Likitokea jina la mtu badala ya jina la duka letu, neno kwa neno, sitisha muamala.

Tapeli analijua hilo, na ndiyo maana ana maneno yake. Kwenye mazungumzo ya mama nilisoma hivi: “Lipa namba yetu leo inasumbua, tuma kwenye namba ya mhasibu wetu, jina litakuja la kwake, usiogope.” Angalieni alivyowahi. Alimwambia mapema kwamba jina litakuwa tofauti, ili likija tofauti lionekane kama uthibitisho. Mama aliliona jina la mwanaume asiyemfahamu na akabonyeza, kwa sababu alikuwa ameshaandaliwa. Sisi hatuna mhasibu anayepokea pesa kwa simu yake. Lipa namba ikisumbua tunakwambia usubiri mpaka kesho, au ulipe benki kwenye akaunti yenye jina hilo hilo la duka. Kochi la kuagiza linachukua siku kumi na nne mpaka ishirini na moja, kwa hiyo siku moja ya kusubiri mtandao haiharibu kitu.

Niongeze kuhusu maduka mengine, ili nisiwaonee wenzangu. Wapo mafundi wadogo waaminifu hapa Keko ambao lipa namba zao ziko kwa majina yao wenyewe. Jina la mtu si wizi kwa kila mfanyabiashara. Kinachotakiwa ni jina kulingana na lile ulilolithibitisha kwa njia nyingine kabla ya kulipa, kwa kupiga simu iliyoandikwa kwenye kibao cha duka, au kwa kumtuma ndugu aliye Dar apite aangalie ukutani.

Bei nayo ingeweza kumwambia kitu. Kochi lile tunaliuza 1,400,000. Yeye aliambiwa 950,000, “ofa ya mwisho wa mwezi”. Fremu yetu ni ya mbao ngumu, na ukijumlisha mbao, sponji nzito, kitambaa na ufundi, 950,000 haitoshi kulitoa karakanani, achilia mbali faida. Advansi tunaiomba kwa sababu ndiyo inayonunua mbao na kitambaa ulichochagua wewe, ambacho mteja mwingine huenda asikitake. Kwa kochi lililokwisha kutengenezwa na lipo dukani hatuchukui advansi. Mtu akikuomba advansi ya kitu ambacho anasema kipo tayari, kwa jina letu, huyo si sisi.

Risiti aliyotumiwa ilikuwa picha ya karatasi yenye muhuri. Sisi ukilipa advansi unapewa risiti ya EFD siku hiyo hiyo. Namba ya uhakiki iliyo kwenye risiti unaweza kuiingiza mwenyewe kwenye verify.tra.go.tz ukaona jina la biashara na kiasi. Muhuri unachongwa mtaani kwa hela kidogo.

Kwa waliokwisha kutuma, dakika ndizo zinazohesabika. Kabla hujaanza kubishana na tapeli, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako ueleze muamala huo. Kama pesa bado imo kwenye simu ya aliyepokea, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, nafasi hiyo imekwisha, na kwa kawaida huwa wanaitoa haraka. Kisha nenda kituo cha polisi ukapate RB, ukiwa na ujumbe wa muamala na skrinshoti za mazungumzo. Piga skrinshoti kabla hujamtukana, kwa sababu akishakubloku kwenye Instagram itakuwia vigumu kuupata tena ukurasa wake. Namba ya simu aliyotumia itume kwenda 15040, ile ile tunayotumia kuripoti jumbe za “ile hela tuma kwenye namba hii”. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hayo ni madai yenu wawili.

Wapo waliotuandikia kwamba duka linahusika, au kwamba tuwarudishie pesa zao. Naelewa uchungu huo na siudharau. Pesa zile hazikuingia kwetu, na taarifa ya miamala ya lipa namba yetu tumeiwasilisha polisi pamoja na maelezo ya mama yule. Akaunti ya kwanza tumeiripoti na imeondolewa. Siku tano baadaye ikatokea ya pili, safari hii ikiwa na nukta katikati ya jina. Nayo tumeiripoti, na tumewaomba wateja waliobaki na mazungumzo nayo wairipoti kwa simu zao, kwa sababu sisi imeshatubloku.

Upande wetu tumebadilisha jambo moja. Hatuanzi tena kumwandikia mteja inboksi. Ukiuliza bei kwenye komenti, bei utajibiwa pale pale, mbele ya kila mtu, na ukitaka kuendelea utatuandikia wewe. Kwa hiyo kuanzia leo, ujumbe wowote wa “umeuliza kuhusu kochi” unaokuja kwako wenyewe haujatoka kwetu.

Mama wa Dodoma alirudi Alhamisi. Kabla hajaondoka aliomba nimwandikie lipa namba ya duka kwenye karatasi, na jina linalopaswa kutokea, kwa herufi kubwa. Nimechapisha karatasi kama hiyo, nimeibandika mlangoni kwa ndani na kwenye kaunta. Ukipita Keko, ipige picha.