Daftari la ukaguzi la kanuni za barua pepe: kuandika sababu, si tendo peke yake

Ninahudumia mifumo ya kompyuta ya ofisi moja ya ghala hapa Mtwara, na msimu wa korosho ukifunguliwa kisanduku cha barua pepe cha ofisi hiyo huelemewa: taarifa za minada, maombi ya magunia kutoka vyama vya msingi, namba za malori, madai ya malipo na, katikati ya hayo yote, matangazo ya mikopo na ya zawadi ambazo hakuna aliyeziomba. Barua hizo hugawanywa na kanuni za kujiendesha kabla karani hajazifungua. Kanuni ikikosea, karani haoni kosa, kwa kuwa anachokiona ni kisanduku kisicho na barua anayoisubiri, na hicho hakitofautiani na kisanduku ambacho barua haikutumwa kabisa. Ndiyo maana kila kanuni inayogusa barua inapaswa kuandika katika daftari la ukaguzi ilichokifanya na sababu yake.

Seva nyingi huandika logi, yaani kumbukumbu ya matukio yake, bila kuambiwa, na wengi wetu huridhika nayo. Dovecot, programu inayotunza visanduku vya barua, ikitumia kanuni zilizoandikwa kwa Sieve, lugha ya kugawia barua, huandika kwa mfano kwamba barua fulani imehifadhiwa katika folda fulani. Mstari huo ni wa kweli, lakini unajibu swali la wapi tu. Hausemi ni kanuni ipi kati ya thelathini iliyoamua, wala ni neno gani katika barua lililoiamsha. Ipo njia ya kuifanya Sieve ieleze hatua zake zote, ila maelezo hayo ni marefu mno, yamekusudiwa kutafutia hitilafu, na si kitu cha kuacha kikiandika mwaka mzima. Kwa sababu hiyo ofisi hii hutumia programu ndogo ya Python ambayo Postfix, programu inayopokea barua kwenye seva, huikabidhi kila barua. Programu hiyo huamua, huandika, kisha huhamisha.

Nitaeleza kisa kimoja kwa ukamilifu. Karani wa minada alipiga simu kuuliza kuhusu barua iliyotoka kwa mnunuzi.

“Fundi, barua ya matokeo ya mnada haijaingia, na mnunuzi anaapa ameituma saa nne na kidogo asubuhi.”

“Sawa dada, usikate simu, naangalia.”

Saa nne na kidogo kwa karani ni saa 10 na dakika kadhaa katika saa za tarakimu, na katika daftari letu ni saa 07, kwa kuwa daftari linaandika muda wa dunia, UTC, ambao uko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu mwaka mzima. Mtu asiyelizoea angetafuta saa 04, akose mstari, kisha amjibu karani kwamba barua haikufika. Nimeshauri mara nyingi kwamba daftari libaki na muda wa dunia na kwamba anayelisoma ndiye afanye hesabu, kwa sababu mashine mbili zinazoandika kwa saa tofauti hazilinganishiki tena baadaye.

Mstari niliouona ulikuwa hivi, ingawa katika faili lenyewe huwa ni mstari mmoja usiokatwa:

```json
{"muda":"2024-11-08T07:12:41Z",
 "qid":"4XlKt72mQwz3Bq",
 "hatua":"tokeo",
 "kanuni":"taka-shinda", "toleo":"a41c9e2",
 "sehemu":"Subject",
 "kigezo":"shinda", "kipande":"zilizoshinda",
 "tendo":"hamisha", "folda":"Taka", "hali":"sawa"}
```

Kanuni ya `taka-shinda` iliwekwa ili kuzuia barua za “umeshinda zawadi”. Iliagizwa kutafuta herufi “shinda” mahali popote katika kichwa cha barua, nayo ikafanya hivyo bila kasoro. Barua ya mnunuzi ilikuwa na kichwa “Kampuni zilizoshinda mnada”. Shina la kitenzi chetu hubeba viambishi mbele na nyuma, hivyo kanuni inayotafuta kipande cha neno kwa Kiswahili hunasa familia nzima ya maneno. Kama daftari lingeandika `kigezo` pekee, ningejua kanuni iliyohusika, lakini ingenibidi niifungue barua yenyewe ili nijue kosa liko wapi. Sehemu ya `kipande`, yaani neno kamili lililokutwa ndani ya barua, ndiyo iliyonipa jibu kabla simu haijakatwa.

Sehemu ya `toleo` inastahili maelezo. Kanuni zetu zimo katika Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, na herufi hizo saba ni mwanzo wa alama ya badiliko lililokuwa likitumika dakika ile. Pasipo hizo, mtu hulinganisha tendo la Ijumaa na kanuni za Jumatatu, anakuta kanuni ya Jumatatu haina kosa, na anahitimisha kwamba seva ina wazimu. Mara nyingi ni kwamba mtu mwingine amekwisha kuirekebisha kimyakimya.

Kuhusu `qid`, hii ni namba ambayo Postfix huipa barua inapopokelewa. Wengi hutumia badala yake Message-ID iliyomo ndani ya barua, jambo ambalo silipendi, kwa kuwa hiyo hutoka kwa mtumaji. Inaweza kukosekana, na inaweza kujirudia pale barua ileile inapofika mara mbili kwa njia mbili. Namba ya Postfix nayo ina sharti lake: zile fupi za kawaida zinaweza kutumika tena kwa barua nyingine baada ya muda, kwa hiyo katika `main.cf`, faili la mipangilio ya Postfix, ni lazima kuweka mpangilio huu ili zisijirudie:

```
enable_long_queue_ids = yes
```

Baada ya kumrudishia karani barua yake, kazi yenye uzito ilikuwa haijaanza. Barua moja imelalamikiwa kwa sababu kulikuwa na mtu anayeisubiri. Zilizopotea bila mtu kuzisubiri hazina wa kuzilalamikia, na folda ya Taka hujifuta baada ya siku 30. Daftari lenye sababu hukuwezesha kuuliza swali ambalo kisanduku cha barua hakiwezi kulijibu: kanuni hii imenasa maneno gani tangu ilipowekwa?

```
jq -r 'select(.kanuni=="taka-shinda" and .hatua=="tokeo")
  | .kipande' kanuni.log | sort | uniq -c | sort -rn
```

Jibu linakuja kama orodha fupi ya maneno, kila moja na idadi yake. Juu kabisa lilikuwapo “umeshinda”, kama ilivyotarajiwa. Chini yake yakafuata “zilizoshinda”, “aliyeshinda” na, jambo ambalo hakuna aliyeliwaza, “mashindano”, kwa sababu shule za jirani huandika kuomba mchango wa mashindano ya michezo. Kwa kila neno la halali nilichukua namba za barua husika, nikazitafuta katika Taka na kuzirejesha zile ambazo siku zake zilikuwa hazijaisha.

Mpaka hapa nimeandika kana kwamba mstari wa daftari ukiwepo basi tendo limefanyika. Hilo halihakikishwi na chochote isipokuwa mpangilio wa uandishi. Programu ikihamisha barua kwanza na kuandika baadaye, umeme ukikatika katikati, barua imehamishwa na daftari halijui. Ikiandika kwanza na kuhamisha baadaye, daftari litadai jambo ambalo halikutokea. Ndiyo sababu kila barua ina mistari miwili. Wa kwanza una `hatua` ya `nia`, unaandikwa na kulazimishwa kukaa kwenye diski kwa `os.fsync` kabla barua haijaguswa; wa pili una `tokeo`, unaandikwa baada ya kuhamisha, pamoja na `hali` iliyopatikana. Programu inapowashwa upya, jambo la kwanza inalofanya ni kutafuta kila `qid` yenye nia isiyo na tokeo, kisha kukagua barua hiyo ipo wapi kwa hakika.

Barua ambayo haikuguswa na kanuni yoyote nayo huandikwa, ikiwa na `kanuni` ya `hakuna`. Mtu anaweza kuona hiyo ni mistari ya bure. Lakini ghala linaloandika kwenye daftari la getini malori yaliyosimamishwa tu haliwezi kujua ni mangapi yamepita, na hali ni hiyohiyo hapa: kila usiku tunalinganisha idadi ya `qid` katika logi ya Postfix na idadi yake katika daftari letu, na hesabu hizo haziwezi kukubaliana kama zilizopita bila kuguswa hazimo. Hesabu zikitofautiana, maana yake programu ilianguka kabla hata ya kuandika nia. Gharama yenyewe ni ndogo. Mstari mmoja ni kama baiti 400. Barua 500 kwa siku, kwa mistari miwili kila moja, hazifikishi megabaiti 150 kwa mwaka.

Kuna kishawishi cha kuandika kila kitu, hadi maandishi ya barua yenyewe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la nafasi ya diski tu. Daftari letu halina maandishi ya barua, na anwani au namba ya simu ya mtumaji haimo kwa uwazi. Wengine huipitisha namba ya simu katika SHA-256, hesabu inayoigeuza kuwa alama isiyoweza kurudishwa nyuma moja kwa moja, na kuamini wameificha. Hawajaificha: baada ya 255 zimebaki tarakimu tisa tu, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi hadi ipate inayolingana. Tunatumia HMAC, hesabu ya aina hiyo lakini yenye ufunguo wa siri unaotunzwa nje ya seva hiyo ya daftari, hivyo tunaweza kujua kwamba barua mbili zimetoka kwa mtu mmoja bila daftari kutaja ni nani.

Uamuzi huo una gharama, nami naikubali. Kwa kuwa maandishi hayatunzwi, siwezi kuipitisha kanuni mpya juu ya barua za mwaka jana ili nione ingezifanyaje. Badala yake kanuni mpya huingizwa kwanza ikiwa na `tendo` la `tazama`: inapima kila barua inayoingia na kuandika kipande ilichokikuta, lakini haihamishi chochote. `taka-shinda` iliyorekebishwa, ambayo sasa inataka neno zima “umeshinda” pamoja na “zawadi” au “bahati nasibu” katika kichwa kilekile, ilikaa hivyo wiki nzima ya minada, na karani ndiye aliyepitia orodha ya ilizotaka kuzihamisha kabla sijairuhusu kufanya kazi.