Skrinshoti ya WhatsApp yenye lugha mbili: kipi kinatafsiriwa, kipi kinaachwa?

Kazi zangu nyingi za kutafsiri ni za wanandoa ambao mmoja yuko Marekani na mwenzake yuko Tanzania au Kenya. Aliyeko Marekani anamwombea mwenzake uhamiaji kwa Fomu I-130, na kati ya vielelezo vya kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli huweka mazungumzo yao ya WhatsApp. Simu yake iko kwa Kiingereza, maongezi ni ya Kiswahili. Hapo ndipo ninapoulizwa: "Dada, si nusu yake tayari ni Kiingereza? Nitafsirie zile meseji muhimu tu."

Kanuni inayoongoza jambo hili ni fupi. Ni 8 CFR 103.2(b)(3), kifungu cha kanuni za serikali ya Marekani, nayo inasema kila hati yenye lugha ya kigeni inayopelekwa USCIS, idara ya uhamiaji ya huko, iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri athibitishe kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anaimudu lugha hiyo. Haidai muhuri wa mthibitishaji wa umma. Neno zito humo ni "kamili". Mteja ana uhuru wa kuchagua skrinshoti zipi azipeleke, lakini akishaipeleka moja, ndani yake hakuna tena kuchagua. Kila Kiswahili kinachosomeka kwenye picha hiyo kinatafsiriwa, hata kile kisichohusiana na ndoa.

Tuchukue mfano nilioutunga kwa kufuata picha ninazoletewa kila wiki. Simu ni ya mume, yuko Minneapolis:

```
Mama Neema
last seen today at 7:15 AM

June 11, 2023

Baba Neema nimefika nyumbani. Hapa saa tatu
kasorobo usiku, umeme umekatika      12:45 PM

      Pole mama. Nimetuma ile school fees,
      confirm ukiipata            12:47 PM ✓✓

      You deleted this message    12:48 PM
```

Maandishi ya programu yenyewe, yaani `last seen`, tarehe, saa na `You deleted this message`, hayahitaji kutafsiriwa. Lakini kutotafsiri si kuyaruka. Nayanakili yalivyo, mahali pake palepale, ili afisa akiweka picha na tafsiri yangu kando kwa kando aone mstari kwa mstari. Maandishi hayo pia ndiyo yanayosema simu ni ya nani. Mtu akifuta ujumbe wake mwenyewe, kwake inaandikwa `You deleted this message`, na kwa mwenzake inaandikwa `This message was deleted`. Nikiuacha mstari huo kwa sababu "ni Kiingereza tayari", nimeondoa kitu kinachomwonyesha afisa kwamba ujumbe ulikuwepo na aliyeufuta ni mwenye simu.

Jina la juu ndilo linalowaponyoka wengi. Liko katikati ya Kiingereza, kwenye nafasi ya jina, kwa hiyo watu huliacha. Lakini "Mama Neema" hakuandika WhatsApp, ameandika mume alipomhifadhi mke wake. Ni maudhui. Afisa asiyejua desturi zetu atadhani Neema ndilo jina la huyo mwanamke, kisha ashangae kwa nini fomu ina jina jingine. Naliacha jina lilivyo, halafu chini naweka maelezo ya mtafsiri kwamba ni namna ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake. Naishia hapo. Kwamba wana mtoto kweli, hilo litasemwa na cheti cha kuzaliwa, mimi sina ushahidi nalo.

Sasa saa. Mke anasema saa tatu kasorobo usiku, WhatsApp inasema `12:45 PM`. Kwa Kiingereza saa tatu kasorobo usiku ni 8:45 ya jioni, na bado haifanani na iliyo pembeni. Sababu ni kwamba WhatsApp huonyesha saa ya simu iliyoshikwa, na mwezi Juni Minneapolis iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa nane. Kwa hiyo hakuna mgongano wowote: picha na maneno vinasema dakika ileile. Kazi yangu ni kugeuza saa ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza ndani ya ujumbe, kuacha saa ya simu bila kuigusa, na kuweka maelezo ya mstari mmoja. Mtafsiri anayeandika "saa tatu" kama saa tatu ya Kiingereza amemfanya mke awe ndani ya nyumba yake usiku wa manane, au alasiri, na hapo mteja ataulizwa maswali asiyoyatarajia.

Ujumbe wa pili umechanganya lugha. Hapo sikati vipande. Nautafsiri wote kama sentensi moja, na yale maneno mawili matatu ya Kiingereza yanabaki yalivyo ndani yake. Ujumbe ukiwa wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, naunakili pamoja na makosa yake ya tahajia. Kuyarekebisha ni kumwandikia mteja barua mpya.

Mambo ya kando huisha haraka. Asilimia ya betri na jina la mtandao juu kabisa hayana haja. Emoji inabaki emoji. Ujumbe wa sauti naandika kwamba upo na una urefu gani, basi, maana kwenye picha hausikiki. Picha ya meseji ya M-Pesa iliyotumwa ndani ya maongezi ni hati ndani ya hati: ya Kenya kwa kawaida huwa Kiingereza, hiyo nanakili, ikiwa ni ya Tanzania na iko kwa Kiswahili, natafsiri yote, mpaka sentensi ya salio.

Yanayoleta taabu ni maandishi ambayo mteja hakujua kwamba yamo. Ujumbe ulioandikwa nusu na haujatumwa, umekaa kwenye kisanduku cha chini. Taarifa ya kikundi cha harusi iliyoshuka juu wakati anapiga picha, ikiwa na jina la mtu mwingine na deni lake. Yote ni Kiswahili kinachosomeka, kwa hiyo yanaingia kwenye tafsiri. Wateja huniomba niyafute kwa kupaka rangi. Sifanyi hivyo, kwa sababu kielelezo kilichopakwa rangi kinamfanya afisa ajiulize kilifichwa nini. Namwambia arudi kwenye maongezi, azime taarifa, afute kile kisanduku, apige upya.

Vilevile akiona `Read more` mwishoni mwa ujumbe mrefu, aubonyeze kwanza ndipo apige. Sitafsiri maneno ambayo hayaonekani, hata akinisomea kwa simu. Na kama simu yenyewe imewekwa Kiswahili, hesabu inabadilika: "Jana" inayosimama juu ya meseji nayo inatafsiriwa, ila haina maana bila kujua picha ilipigwa siku gani, kwa hiyo naomba tarehe hiyo niiandike kama maelezo yaliyotoka kwa mteja.

Mwisho kabisa kuna cheti changu. Wengi huandika kwamba wametafsiri hati nzima kutoka Kiswahili, jambo ambalo kwa picha kama hii si kweli. Cheti changu kinasema maandishi ya Kiswahili yametafsiriwa, ya Kiingereza yamenakiliwa kama yalivyo, na maelezo yaliyo kwenye mabano ya mraba ni yangu. Kisha jina, sahihi, anwani na tarehe. Kila skrinshoti naipa namba, na namba hiyohiyo naiweka kwenye ukurasa wa tafsiri yake.