Kwa nini sukari ya mezani haibadilishi rangi ya Benedict: jibu limo kwenye mchoro

Weka mmumunyo wa maltosi kwenye tyubu moja ya majaribio na wa sukari nyeupe ya mezani kwenye nyingine. Ongeza kitendanishi cha Benedict kwa kiasi sawa, kisha tumbukiza tyubu zote mbili kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5 hivi. Maltosi itatoa mashapo yenye rangi ya tofali. Sukari ya mezani, yaani sukrosi, itabaki na ubuluu wake. Fomula ya zote mbili ni ile ile, C₁₂H₂₂O₁₁, na anayejua kusoma mchoro wa molekuli angekuambia matokeo hayo kabla maji hayajachemka.

Ubuluu wa Benedict unatokana na ioni za shaba zenye chaji 2+. Sukari ikizipa elektroni, chaji inapungua hadi 1+ na shaba inatuama kama oksaidi nyekundu. Ndiyo maana sukari ya aina hiyo huitwa sukari punguzi. Lakini ili itoe elektroni, lazima pete yake iweze kufunguka, na pete hufunguka kwenye kaboni moja tu, kaboni ya anomeri.

Kuipata si kazi kubwa: tafuta kaboni ya pete iliyoshikana na oksijeni mbili, moja ya pete na nyingine ya nje. Kaboni iliyo upande wa pili wa oksijeni ya pete isikuchanganye, kwani yenyewe ina oksijeni moja tu, na nje imebeba CH₂OH. Kwenye glukosi, kaboni ya anomeri ndiyo namba 1. Ukitoka hapo, hesabu kwa kuipa mgongo oksijeni ya pete: 2, 3, 4, 5, na ile ya CH₂OH iliyo nje ni ya 6.

Sasa tuichukue maltosi. Ni pete mbili za glukosi zilizounganishwa na oksijeni. Pete ya kwanza imefungwa kwa kaboni 1, ya pili kwa kaboni 4. Kaboni 1 ya pete ya pili bado ina OH yake, kwa hiyo pete hiyo inafunguka na maltosi ni sukari punguzi. Ili kujua kama kifungo ni alfa au beta, linganisha oksijeni ya kifungo na CH₂OH ya kaboni 5 kwenye pete ile ile iliyotoa kaboni ya anomeri: zikiwa pande tofauti ni alfa, upande mmoja ni beta. Kwenye maltosi zimetofautiana, basi tunaandika α(1→4). Laktosi ya maziwa nayo ni punguzi, ila galaktosi yake imefungwa kwa β(1→4). Vitabu vingi huchora kifungo hicho kwa mstari uliopinda, na kona za mstari huo si kaboni, msizihesabu.

Sukrosi ndiyo inayoangusha wengi. Pete ya pili ni ya fruktosi, ina pembe tano, na kaboni yake ya anomeri ni namba 2, kwa sababu namba 1 ni CH₂OH iliyo nje ya pete. Katika mchoro wa kawaida, oksijeni ya kifungo inaning'inia chini ya pete zote mbili, na mwanafunzi huandika alfa pande zote. Lakini pete ya fruktosi imechorwa ikiwa imegeuzwa: CH₂OH ya kaboni 5 nayo inaangalia chini. Oksijeni na CH₂OH ziko upande mmoja, hivyo upande wa fruktosi ni beta. Glukosi inabaki alfa, na kifungo ni α1↔β2. Mimi hushauri watu wasahau kabisa kanuni ya "chini ni alfa"; inafanya kazi mpaka pete igeuzwe.

Kaboni zote mbili za anomeri zimetumika kwenye kifungo hicho, hakuna iliyobaki na OH. Hakuna pete inayofunguka, na shaba haipati elektroni.

Ukitaka kuthibitisha, chemsha mmumunyo wa sukrosi na asidi hidrokloriki nyepesi kwa dakika chache. Kifungo kinakatika, glukosi na fruktosi zinaachana. Upoze, kisha tia magadi soda kidogo kidogo mpaka povu likome, kwa sababu Benedict haifanyi kazi kwenye asidi. Wengi huruka hatua hii, wakaona bluu na kudhani kifungo hakikukatika. Rudia kipimo na rangi itabadilika.

Jaribu pia sukari guru bila asidi. Nayo hubadilisha rangi, ingawa sehemu yake kubwa ni sukrosi. Mchoro haujakosea: wakati wa kuchemsha maji ya miwa, sukrosi kiasi huwa imeshavunjika, na kinachoipunguza shaba ni glukosi na fruktosi zilizomo.