RAM imejaa na seva ni nzima: dhana potofu kuhusu kumbukumbu ya Linux

Tazama jibu hili la amri ya `free -m`. Ni seva ya Ubuntu 22.04 yenye RAM ya gigabaiti 8, inayoendesha hifadhidata ya PostgreSQL pamoja na programu ya wavuti ya duka.

```
        total   used   free  shared  buff/cache  available
Mem:     7937   2110    176     412        5651       5130
Swap:    2047    318   1729
```

Wengi macho yao hutua kwenye 176 na hayaendi mbele zaidi. RAM ya gigabaiti 8, iliyobaki haifiki hata megabaiti 200, na swapu, ile sehemu ya diski inayopokea kurasa zinazotolewa kwenye RAM, nayo imeanza kutumika! Hapo ndipo seva inapozimwa na kuwashwa upya, RAM ya ziada inapoagizwa, au amri ya kusafisha kumbukumbu inapowekwa kwenye ratiba ya `cron`. Seva hii haina tatizo lolote la kumbukumbu, na baadhi ya dawa hizo ndizo zitakazoiumiza.

Dhana potofu: kisichokuwa `free` kimemezwa na programu

Programu inaposoma faili, kerneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia RAM na diski, haiipi data moja kwa moja kutoka diskini na kuisahau. Huisoma kwa vipande vya kilobaiti 4 viitwavyo kurasa, huviweka kwenye RAM, kisha humpatia msomaji. Programu ikimaliza, hata ikifungwa kabisa, kurasa zile hubaki palepale. Hiyo ndiyo kache ya kurasa, na ndiyo iliyojaza megabaiti 5651 za safu ya `buff/cache`. Unaweza kuiona ikifanya kazi kwa kusoma faili moja kubwa mara mbili mfululizo:

```
time cat nakala.dump > /dev/null
time cat nakala.dump > /dev/null
```

Kama faili linaenea kwenye RAM, mara ya pili huisha kwa sehemu ndogo tu ya muda wa kwanza, kwa sababu diski haikuguswa.

Je, programu mpya ikihitaji nafasi? Ukurasa wa kache ambao haujabadilishwa ni nakala ya kitu kilichopo diskini tayari, kwa hiyo kerneli huutupa bila kuandika chochote na kumpa mwombaji nafasi hiyo. Kazi hii hufanywa na uzi wa kerneli uitwao `kswapd`, ambao huamka RAM iliyo tupu inaposhuka chini ya kiwango fulani, ukarudisha kiasi kidogo, ukalala tena. Ndiyo maana `free` ya seva yenye kazi haipandi wala haiishi: inacheza karibu na kiwango hicho siku nzima. Seva yenye `free` kubwa mara nyingi ni ile iliyowashwa sasa hivi, au iliyotoka kufunga programu kubwa.

Nambari ya kusoma ni `available`, megabaiti 5130. Haya ni makadirio ya kerneli yenyewe ya kiasi ambacho programu mpya zinaweza kupata bila kulazimisha swapu. Yalianza kutolewa na kerneli ya 3.14 mwaka 2014. Kabla ya hapo watu walijumlisha `free` na kache kwa mkono, na jumla hiyo ilidanganya, kwani si kila kilichomo kwenye kache kinaweza kutupwa.

Hapa safu ya `shared` inastahili kuangaliwa kwa makini. Zile megabaiti 412 zimehesabiwa ndani ya `buff/cache`, lakini hazina faili nyuma yake diskini. Ni kumbukumbu ambayo michakato ya PostgreSQL inashirikiana, na pia mafaili yaliyowekwa kwenye `tmpfs`, mfumo wa mafaili unaokaa ndani ya RAM, kama yale ya `/dev/shm`. Kerneli haiwezi kuzitupa. Inaweza kuzihamishia kwenye swapu tu. Kwa hiyo ukikuta `buff/cache` kubwa huku `available` ni ndogo, usiseme haraka kwamba "ni kache tu". Endesha `df -h -t tmpfs`. Huenda kuna mtu ameandika nakala rudufu ya gigabaiti 3 ndani ya `/tmp`, kwenye mfumo ambao `/tmp` yake ni `tmpfs`, kama ilivyo Fedora. Faili hilo linakaa kwenye RAM mpaka lifutwe.

Dhana potofu: kusafisha kache huipa seva kasi

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa kuwa inasambazwa kama ushauri wa kitaalamu. Amri yenyewe ni hii, na mara nyingi huwekwa iende kila saa:

```
sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches
```

Baada yake `free` inaruka hadi gigabaiti tano na ushee, na aliyeiandika anaridhika. Sasa fuata kinachotokea kwenye duka letu. PostgreSQL ina hodhi yake ndogo ya kuwekea data kwenye RAM, lakini sehemu kubwa ya majedwali na faharasa zake huitegemea kache ya kerneli ishikilie. Kache imetupwa, kwa hiyo kila swali linalohitaji jedwali la bidhaa au la oda linarudi diskini. Kusoma ukurasa kutoka kwenye RAM huchukua chini ya mikrosekunde moja. Kutoka kwenye SSD ni makumi hadi mamia ya mikrosekunde. Kwenye diski inayozunguka ni milisekunde kadhaa. Wateja wanaona kurasa za duka zikisuasua kila inapofika saa kamili, kisha mambo yanatengemaa kadiri kache inavyojijaza, kisha saa nyingine inagonga.

Dalili yake ni rahisi kuitambua. Kwenye `vmstat 1`, safu ya `bi`, yaani vinavyosomwa kutoka diskini, inapanda ghafla kwa wakati uleule kila saa, na `wa`, yaani muda ambao CPU inasubiri diski, inapanda nayo. Kerneli yenyewe huacha ushahidi pia: `dmesg | grep drop_caches` itakuonyesha jina la mchakato ulioandika na namba yake.

Amri hiyo haigusi kabisa kumbukumbu ya programu. Kama kuna programu inayovuja, yaani inayochukua kumbukumbu bila kuirudisha, uvujaji unabaki ulivyo. Matumizi yake ya haki ni kupima: unapotaka kujua swali la hifadhidata linachukua muda gani kache ikiwa baridi.

Dhana potofu: swapu ikitumika, RAM imekwisha, afadhali izimwe

Ili kuelewa zile megabaiti 318, tenganisha kurasa za aina mbili. Kuna zilizotoka kwenye mafaili, na kuna ambazo programu imezitengeneza yenyewe ilipoomba kumbukumbu: vigeu, orodha, matokeo ya hesabu. Hizi za pili hazina faili la kurudi. Kerneli ikitaka kuziondoa kwenye RAM, pahali pake pekee ni swapu.

Kila programu hubeba kurasa za namna hii ilizozigusa wakati wa kuwaka na haitazigusa tena. Usiku nakala rudufu inaposoma mafaili mengi, kerneli inaweza kuamua kwamba kurasa hizo zilizolala zihamie kwenye swapu ili RAM ishike data inayosomwa kila dakika. Asubuhi bado ziko kule, kwani kerneli hairudishi ukurasa mpaka mtu auhitaji. Kwa hiyo `used` ya swapu inakusimulia jambo lililopita. Linalotokea sasa utaliona kwenye `vmstat 1`, safu za `si` na `so`: zinazoingia kutoka kwenye swapu na zinazotoka kwenda huko. Uache mstari wa kwanza, maana ni wastani tangu seva ilipowashwa. Zikiwa sifuri, au `so` ikiruka mara moja na kutulia, endelea na shughuli zako. Zote mbili zikibaki juu sekunde baada ya sekunde, hapo RAM haitoshi kweli.

Na ukizima swapu? Kurasa za programu sasa zimegandishwa ndani ya RAM, hata zile ambazo hazijaguswa kwa wiki. Shinikizo likija, kerneli inabaki na za mafaili tu za kutupa. Miongoni mwake kuna kitu ambacho wengi hawakifikirii: msimbo wa programu zenyewe, kwani nao umesomwa kutoka kwenye faili. Unatupwa, na sekunde hiyohiyo unahitajika, unasomwa tena, unatupwa tena. Diski inahangaika, SSH haijibu, na hakuna hata baiti moja ya swapu ya kulaumu. Swapu ndogo inasaidia kuepuka hali hiyo, ingawa haiwezi kuziba pengo la RAM iliyo ndogo kuliko kazi.

Vilevile `vm.swappiness` ya 60 haimaanishi kwamba swapu huanza RAM ikifika asilimia 60. Inaiambia kerneli uzito wa kupendelea kutoa kurasa za programu ukilinganisha na za mafaili, pale inapolazimika kutoa kitu. Tangu kerneli ya 5.8 inaweza kuwekwa hadi 200.

Dhana potofu: safu ya `VIRT` ndiyo RAM inayoliwa

Kwenye `top`, programu ya Java inaweza kuonyesha `VIRT` ya gigabaiti nyingi kuliko RAM yote ya mashine. Hizo ni anwani za kumbukumbu pepe ambazo imeahidiwa. Ukurasa halisi hutolewa pale anwani inapoguswa kwa mara ya kwanza. Angalia `RES`, yaani RAM ambayo mchakato unaishikilia kweli, lakini usijumlishe za michakato yote ya PostgreSQL: kumbukumbu wanayoshirikiana inahesabiwa upya kwa kila mmoja. `Pss` iliyomo ndani ya `/proc/PID/smaps_rollup` huigawa kwa haki.

Basi tatizo la kweli linaonekanaje?

Tuseme programu ya duka imeanza kuvuja. Siku hadi siku `used` inapanda na `buff/cache` inasinyaa, huku `free` ikibaki karibu na 176 ileile, haikuonyi chochote. `available` ndiyo inayoshuka: 5130, 3000, 900. Kisha `si` na `so` zinaanza kusogea pamoja, na `/proc/pressure/memory`, iliyopo tangu kerneli ya 4.20 pale ilipowezeshwa, inaonyesha `avg10` iliyoondoka kwenye sifuri. Hiyo ni asilimia ya muda ambao kazi zilisimama zikisubiri kumbukumbu.

Usipoingilia kati, kerneli itaua mchakato na kuandika `Out of memory: Killed process` kwenye `dmesg`. Huchagua zaidi kwa ukubwa, kwa hiyo aliyeuawa si lazima awe mvujaji. Akiwa ni mchakato mmoja wa PostgreSQL, hifadhidata itakata miunganisho yote na kujirejesha, nayo itaandika `terminated by signal 9: Killed` kwenye kumbukumbu zake za matukio. Kabla ya kuilaumu, rudi juu kidogo kwenye `dmesg`: kuna jedwali la michakato yote iliyokuwepo wakati ule. Safu ya `rss` humo huhesabiwa kwa kurasa, kwa hiyo zidisha kwa 4 upate kilobaiti, kisha tafuta ni nani aliyekua kupita kawaida yake.