Kwa nini mchwa huanzia mgongoni na miguuni mwa kabati?

"Kabati langu la nguo kwa mbele linang'aa kama jipya, lakini nilipolivuta nimekuta mgongo umeota ukungu na mguu mmoja umeliwa na mchwa mpaka unabonyea. Kwa nini waanzie huko, na nifanyeje wasirudi?"

Kwa sababu huko ndiko mafundi wengi huacha kupaka. Geuza kabati lolote uangalie: milango na ubavu vimepigwa msasa na vanishi, lakini mgongo ni plaiwudi tupu, na chini ya miguu hakuna hata tone la rangi.

Uchi huo wa chini ya mguu ndio mbaya zaidi. Mbao ni kama fungu la mirija myembamba iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Ukimwaga maji juu ya ubapa wake, huingia polepole. Lakini pale msumeno ulipokata mti kwa kukingama, midomo ya mirija yote iko wazi, na mguu wa kabati husimama juu ya midomo hiyo. Kila sakafu inapopigwa deki, mguu unakunywa. Juu pakishakauka, chini bado pana maji yaliyokosa pa kutokea.

Mgongo nao hulowa bila kumwagiwa kitu. Kabati likigusa ukuta, hewa iliyo katikati haitembei, na ukuta ukiwa baridi kuliko chumba, unyevu wa hewa hutua hapo. Mbao hufuata hewa inayozizunguka: unyevu wa hewa ukiwa 65%, mbao hushika maji ya takriban 12% ya uzito wake mkavu; ukifika 90%, maji hayo hupanda hadi karibu 20%. Kuanzia hapo kuvu wanaoozesha mbao hupata nafasi. Ukungu wa juu juu, ule unaonuka kwenye nguo, hauhitaji hata kiasi hicho. Hewa ya 80% ikikaa siku nyingi inautosha.

Sasa mchwa. Ngozi yao ni laini na hukauka upesi kwenye hewa ya wazi, ndiyo maana hujijengea vijia vya udongo na kutembea gizani. Kundi lenyewe liko ardhini. Hupita kwenye ufa kati ya sakafu na ukuta, na kitu cha kwanza wanachokikuta ni mguu mbichi usio na vanishi, kwenye kona yenye giza. Wakishaingia hula kwa ndani na kuacha ganda jembamba la nje, kwa hiyo kung'aa kwa milango hakukuambii chochote juu ya hali ya mbao.

Nikueleze jinsi nilivyoshughulikia kabati lenye hali kama ya lako. Lilikuwa limeegemea ukuta unaopakana na bafu. Nililitoa vitu vyote, nikaligonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Mbao nzima hutoa mlio mkavu, iliyoliwa hutoa mlio wa debe tupu. Mguu mmoja ulikuwa tupu hadi kimo cha kiganja, na nyuma yake kulikuwa na kijia cha udongo chenye upana wa penseli. Sikukifagia chote. Nilivunja kipande kidogo katikati nikakiacha kwa siku mbili. Kilipozibwa tena kwa udongo mbichi, nilijua mchwa bado wanapita. Kama usingeona kijia chochote, ila punje kavu ndogo kama mchanga zikidondoka chini ya tundu, hao ni mchwa wa aina nyingine, wanaoishi ndani ya mbao zenyewe bila kuhitaji ardhi. Kwa hao, kuziba ufa wa sakafu hakusaidii. Kipande wanachokaa ndicho kitibiwe au kiondolewe.

Kisha nilitaka kujua maji yanatoka wapi. Nilibandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, nikafunga kingo zote kwa utepe wa gundi, nikaiacha usiku na mchana. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe unavuja maji. Yakiwa upande wa nje, unyevu ni wa hewa ya chumba. Kwangu yalikuwa ndani, na bomba la bafu lililokuwa likivuja ndilo lililotengenezwa kwanza. Ningeanza na dawa, ningekuwa napaka mbao zinazoloa kila siku.

Mguu ulioliwa niliukata hadi kwenye mbao ngumu na kuunga kipande kipya. Sehemu zote zisizo na vanishi nilizipaka mchanganyiko wa boraksi gramu 60 na asidi ya boriki gramu 40 katika lita moja ya maji ya moto, mara mbili, mkono wa pili kabla wa kwanza haujakauka kabisa. Vaa glavu, na chombo hicho kisirudi jikoni. Dawa hii huzama ndani ya mbao na mchwa anayezila hufa, ila ina masharti mawili: haipenyi vanishi, na maji huiondoa. Kwa hiyo mbao ziwe tupu wakati wa kupaka, ziachwe zikauke takriban wiki moja, kisha zifunikwe.

Kufunika nako kuna namna yake. Chini ya miguu nilipaka kwanza vanishi iliyochanganywa na thina nusu kwa nusu, ili ipenye kwenye mirija, kisha mikono miwili ya vanishi nzito. Mgongo ulipata mikono miwili. Chini ya kila mguu niliweka kikombe cha plastiki kigumu, na kabati likarudi likiwa sentimita 5 mbali na ukuta. Mgongoni nilitoboa matundu mawili juu na mawili chini ili hewa ipite ndani pia. Vifuko vya kunyonya unyevu vinafaa kwenye droo iliyofungwa vizuri. Kwa kabati zima kwenye chumba kilicho wazi hujaa upesi na kuacha kazi.

Wengi hukimbilia mafuta ya taa au chumvi, na inaniuma kuona fanicha nzuri ikipotea hivyo. Mafuta ya taa huua mchwa waliolowa, kisha huyeyuka hewani na kuacha mbao bila kinga, tena ni hatari ya moto. Chumvi ni mbaya zaidi, kwa kuwa huvuta maji kutoka hewani na kuzidi kulowesha mbao ulizotaka kuzikausha.

Jambo moja dawa ya boraksi haiwezi: kulifikia kundi lililo ardhini. Kuziba ufa kwa saruji huwachelewesha tu, na dawa ya kopo inayopulizwa kwenye kijia huwafukuza wakatafute njia nyingine, pengine kwenye fremu ya mlango. Kama kijia kinajengwa upya baada ya kutibu kabati, mwite mtu wa kudhibiti wadudu atibu udongo kando ya msingi kwa dawa inayoua polepole, ambayo mchwa hupita bila kuihisi na kuipeleka kwa wenzao. Kijia cha kwangu kilibaki kimevunjika baada ya udongo kutibiwa. Bado kila mwezi napitisha tochi nyuma ya kabati, kwenye nafasi ile ya sentimita 5.