Nafasi tupu bwawani ndiyo kinga ya mji

Tuseme mto unapopita mjini, kingo zake zinahimili mita za ujazo 600 kwa sekunde. Zikizidi, maji yanaingia mitaani. Sasa mvua kubwa inanyesha juu ya bwawa, na kwa saa 24 maji yanaingia kwa wastani wa mita za ujazo 1,100 kwa sekunde. Tukiachia 600, kila sekunde zinabaki 500 za kuzuiwa. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo tunahitaji nafasi tupu ya mita za ujazo milioni 43.2. Bwawa lililojaa halina nafasi hiyo, hata ukuta wake uwe mrefu namna gani.

Nafasi inatafutwa mapema. Mto ukileta 100 nasi tukifungulia 500, bwawa linapungua kwa 400 kila sekunde, na kazi hiyo inachukua saa 30. Utabiri wa mvua ukija siku moja kabla, tumeshachelewa. Ndiyo maana nashikilia kwamba ratiba ya kuendesha bwawa iweke kikomo ambacho maji hayapaswi kukizidi msimu wa mvua, na kiheshimiwe, hata wazalishaji wa umeme na wakulima wakitamani bwawa lijae.

Kosa linaloniudhi zaidi hutokea saa za mwanzo. Mwendeshaji anaona mji uko salama, anaachia 300 badala ya 600. Kwa saa 6 tu amejaza karibu milioni 6.5 za nafasi ambayo ataihitaji usiku, kilele kikifika. Kupunguza kunafaa pale ambapo kijito kinachoungana na mto chini ya bwawa nacho kimefurika. Kikileta 150, sisi tunaachia 450, na kama maji yetu hutumia saa 6 kufika kwenye maungano, malango yanabanwa saa 6 kabla ya kilele cha kijito.

Nafasi ikiisha, maji yanapita kwenye utoro, ile njia ya kumwagia maji yaliyozidi. Utoro upo kwanza kulinda bwawa lisifurike juu ya tuta na kubomoka. Utoro usio na malango, wenye upana wa mita 60, hupitisha takriban 120 kwa sekunde maji yakiwa mita 1 juu ya kizingiti chake. Yakifika mita 2, ni kama 340. Hapo hakuna anayepanga kiasi tena. Na utoro wenyewe unaweza kuharibika: kwenye bwawa la Oroville, Kalifonia, Februari 2017, sakafu ya utoro mkuu ilibomoka, maji yakapita utoro wa dharura na kuanza kumomonyoa kilima chini yake. Watu zaidi ya 180,000 waliamriwa kuhama.

Mvua ikikatika, malango hayafungwi. Mji utauona mto umejaa chini ya jua kali, na malalamiko yatakuja, lakini tunaendelea kuachia hadi maji yarudi kwenye kile kikomo cha msimu, kwa sababu mvua ya pili inaweza kufika kabla ya wiki kuisha.